Vipande Saba vya Hadithi ya Mango

"Nyoka alikuwa na kamba mwili mzima." Ndivyo alivyoandika mvulana mmoja wa Gredi ya 5 katika shule ya msingi iliyo mwendo mfupi kutoka soko la Kamukuywa, kwenye barabara inayotoka Webuye kwenda Kitale. Mwalimu wake alinifungulia daftari tukiwa tumekaa chini ya mti, mapumziko ya saa nne, akaweka kidole kwenye sentensi hiyo na kunitazama bila kusema neno. Kifungu walichosoma kilisema nyoka alikuwa na magamba. Mtoto hakuwa amesinzia, wala hakukisoma ovyo. Alikisoma kwa ulimi wa kwao, kisha akaandika alichokisikia.

Anayeijua lugha ya Kibukusu hatashangaa. Sauti g, d na b, kama tunavyozitamka katika Kiswahili, hazina mazoea ya kusimama peke yake katika lugha hiyo. Husimama vizuri zikishikwa mkono na sauti ya puani: ng, nd, mb. Ndiyo maana mvulana yule anaweza kutamka embalu, kisu cha jando, bila kigugumizi, na jina la Mango halimpi shida yoyote. Lakini mpe gari, atakupa kari. Mpe dawa, utapokea tawa. Katika gamba, ile mb ya katikati ilipita salama, g ya mwanzo ikageuka k, na nyoka akavishwa kamba. Kwa kawaida watu huligeuza jambo hili kuwa kichekesho cha matamshi ya watu wa magharibi. Darasani si kichekesho. Ni swali la ufahamu lililokosewa kabla ufahamu haujaanza.

Ubaya zaidi ni kwamba mtoto aliyechekwa mara nyingi hujirekebisha kupita kiasi. Katika daftari la pili, msichana mmoja alikuwa ameandika kwamba nyoka aliishi kwenye bango. Alikwisha kuambiwa kwamba p yake huwa makosa, basi akaifuta hata pale ilipokuwa sahihi, na pango la nyoka likageuka tangazo la kando ya barabara.

Nilikuwa nimekwenda Kamukuywa kwa mwaliko wa mwalimu huyo. Zamani tulifundisha pamoja. Sasa mimi ni mtu wa kuandika, na yeye bado yuko kwenye chaki. Alikuwa ametunga mfululizo wa vipindi vinne, kila kimoja dakika 35, vyote juu ya ngano moja, akataka mtu wa nje aone panapovuja. Ngano yenyewe ilikuwa kisa cha Mango na nyoka Yabebe.

Katika nchi ya Wabukusu kisa hicho hakihitaji utangulizi, lakini kwa msomaji wa Tanga au Kigoma nitakieleza kwa ufupi. Mango alikuwa mtu wa ukoo wa Bakhurarwa. Palikuwa na nyoka mkubwa, Yabebe, aliyekaa pangoni akila mifugo na watu, na miongoni mwa waliokufa walikuwa wana wa Mango. Mango alipotangaza kwamba atamwua, majirani zake, watu ambao Wabukusu huwaita Barwa, walimcheka, wakamwambia akiweza kumwua nyoka huyo basi watamtahiri, maana kwao jando lilikuwa la mashujaa. Mango alinoa kisu, akaingia pangoni nyoka akiwa ametoka, akajibanza. Nyoka aliporudi na kuingiza kichwa, Mango akakikata. Wasimuliaji wengi husema kichwa kile kiliruka kikauma mti, na mti ukanyauka palepale. Mango akatahiriwa, na tangu hapo jando likawa la Wabukusu hadi leo: mwaka wa witiri haupati, mwaka wa shufwa unapata, mwezi wa Agosti, vijana wakipakwa tope la mtoni alfajiri na kusindikizwa nyumbani kwa wimbo wa Sioyaye. F. E. Makila aliyeandika historia ya Wabukusu mwaka 1978 ni mmoja wa walioiweka habari hii ya Mango kwenye karatasi, lakini watoto wa Kamukuywa hawakuipata kwake. Waliipata jikoni.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Mtoto anayekijua kisa tangu nyumbani hujibu maswali bila kusoma kifungu. Ukimwuliza nani alimwua nyoka, atakujibu hata ukimfumba macho. Mwalimu aliliona hilo mapema, na badala ya kutafuta ngano ya mbali isiyojulikana, alifanya jambo la werevu zaidi: alikigeuza kifungu. Hakuanza na "hapo zamani za kale". Alianza pangoni.

Nilinakili mwanzo wake: "Mango alijibanza gizani, kisu mkononi. Nje jua lilikuwa linatua na nyoka bado hajarudi. Kabla hajaingia pangoni, Mango alikuwa amekinoa kisu hicho hadi kikang'aa. Aliwakumbuka wanawe, ambao nyoka huyo alikuwa amewaua. Alikumbuka pia kicheko cha majirani siku aliyowaambia kwamba atalipiza."

Kifungu hicho kina maneno ambayo kila mtoto wa darasa lile anayajua, isipokuwa machache. Ugumu wake hauko kwenye maneno. Uko kwenye viambishi. Kwenye karatasi, pango linakuja kwanza, kunoa kisu kunafuata, vifo vya wana vinakuja vya tatu, kicheko cha nne. Katika maisha ya Mango mambo hayakwenda hivyo. Anayetaka kuyapanga inavyostahili lazima asikie tofauti kati ya alinoa na alikuwa amenoa, na ajue kwamba "kabla hajaingia" ni ukanushi wa ajabu: sentensi inataja kuingia kwanza ili kukusogeza nyuma kwenye jambo lililotangulia kuingia. Mtu mzima hupita hapo bila kuhisi kitu. Mtoto wa miaka 10 au 11 hujikwaa, naye hajui kwamba amejikwaa.

Bibi zetu hawakusimulia hivyo. Ngano ya mdomo katika Kiswahili hutembea kwa -ka-: akanoa, akaenda, akaingia, akajibanza, nyoka akaja. Kila -ka- ni hatua moja mbele, huwezi kupotea. Ni kitabu kilicholeta mazoea ya kuanzia katikati na kurudi nyuma. Kwa hiyo kufundisha watoto kupanga matukio kwa kutumia ngano iliyonyooka, yenye -ka- mwanzo hadi mwisho, ni kama kumfundisha mtu kuogelea kwenye beseni. Vitabu vingi nilivyofundishia vilifanya hivyo hivyo, nami nilivifuata miaka mingi, nikishangilia darasa zima likipata alama zote.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha msamiati, na mwalimu alichagua maneno sita tu: magamba, kujibanza, kejeli, kuvizia, ngao, kunyauka. Nilimwuliza kwa nini sita, wakati kifungu kilikuwa na kumi na zaidi ambayo angeweza kuyapigia mstari. Akasema kipimo chake ni kimoja: mtoto asipolijua neno hili, je, kisa kinavunjika? Kejeli ikimpita mtoto, hataelewa kwa nini Mango alitahiriwa. Kunyauka ikimpita, sumu ya nyoka haitamwogopesha. Ngao ni mapambo, akakiri, nayo baadaye aliifuta. Magamba pia hayavunji kisa, lakini aliyaacha makusudi kwa sababu ya ile g.

Namna alivyoyafundisha ndiyo iliyonifanya nitoe kalamu. Sisi tulizoea kuandika ubaoni: kejeli, dhihaka. Kunyauka, kukauka kwa mmea. Watoto wakanakili, na kwenye mtihani wakaandika "dhihaka" bila kujua dhihaka ni nini. Tulikuwa tumewapa kitendawili cha pili kama jibu la cha kwanza. Yeye siku hiyo alikuja na magamba ya samaki yaliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, aliyopewa bure sokoni na mama muuza samaki aliyekuwa akiparuza ngege. Kila dawati lilipata magamba mawili matatu. Watoto waliyashika, wakayanusa, wakapiga kelele. Kisha akachukua kipande cha kamba ya katani na kukiweka kando ya gamba, akaandika maneno mawili ubaoni, gamba na kamba, na kuwaambia waweke mkono kooni wakiyatamka. Kwenye g koo linatetemeka tangu mwanzo. Kwenye k linakaa kimya kwanza. Wakafanya hivyo na goti na koti, na doa na toa. Hakumkosoa mtu. Hakutaja Kibukusu. Mvulana wa kamba alishika koo lake muda mrefu kuliko wenzake.

Kwa kunyauka, Jumatatu ya wiki hiyo aliweka kitawi cha kunde dirishani na hakueleza chochote. Jumatano kilikuwa kimejikunja na kuwa cha rangi ya majivu, naye akauliza kimefanya nini. Mtoto mmoja alijibu "kimekufa", mwingine "kimekauka", wa tatu, kwa sauti ya chini, "kimenyauka". Kejeli aliifundisha kwa dakika mbili: alimwita mvulana mrefu kuliko wote, akamwomba ajaribu kugusa dari, na mvulana aliposhindwa darasa likacheka. "Hicho ni kicheko," alisema. Halafu akamwambia mwenzake aseme, "Mwacheni ajaribu tena, labda kesho atakuwa twiga." Wakacheka tena, kwa namna nyingine. "Na hiyo je?" Hapo hakuna aliyehitaji fasili.

Siku ya pili ilikuwa ya vipande, nayo ndiyo niliyoisafiria.

Alikuwa amekata boksi la sabuni kuwa vijikaratasi vigumu, seti moja kwa kila watoto wanne, kila kimoja kikiwa na sentensi moja. Vilikuwa saba. Nyoka aliwaua wana wa Mango. Majirani walimkejeli Mango. Mango alinoa kisu. Mango alijificha pangoni. Mango alikata kichwa cha nyoka. Kichwa kiliuma mti. Mango alitahiriwa. Ukiangalia utaona hakuna kipande chenye kisha, baadaye, mwishowe wala hatimaye. Toleo lake la kwanza lilikuwa na maneno hayo, na alilitupa baada ya kulijaribu kwa namna ambayo ningependa kila mtunga zoezi aijue. Alimpa vipande mpwa wake, anayesoma shule ya mbali na ambaye hakuwa amekiona kifungu. Mpwa alivipanga vyote sawasawa kwa dakika moja. Alifuata maneno ya vidokezo kama mtu anayefuata alama za barabarani, hakuhitaji kujua anakwenda wapi. Zoezi linaloweza kufanywa na asiyesoma halipimi usomaji.

Kitu kingine alichokiondoa ni kipande kilichosema, "Mango akisubiri, jua lilikuwa linatua." Kiambishi -ki- hakina nafasi kwenye foleni. Jambo la -ki- hutendeka sambamba na jingine, na ukimlazimisha mtoto aliweke kabla au baada, unamwadhibu kwa kuelewa vizuri. Nilikubali kwa kichwa na kuandika hilo pembeni mwa daftari langu, bila kujua kwamba litarudi.

"Panga matukio," mwalimu aliandika ubaoni. Nyuma kabisa mtoto mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba panga la nani, Mango alikuwa na kisu. Lori la miwa lilipita barabarani likizima sauti zote kwa muda, na lilipokwisha kupita vikundi vilikuwa vimeinamia madawati, mikono minane juu ya vipande saba.

Vikundi vitano kati ya tisa vilianza na pango. Ndivyo kifungu kilivyoanza, nao walikuwa waaminifu kwa karatasi. Kikundi kimoja kilipanga hivi: pango, vifo vya wana, kejeli, kunoa kisu, kukata kichwa, mti, jando. Nichukue hicho, kwa sababu alama zake zilituletea mabishano mazuri chini ya mti.

Kwa kawaida tunasahihisha kwa nafasi: cha kwanza kiwe cha kwanza, cha pili kiwe cha pili. Ukisahihisha hivyo, kikundi hicho kinapata 3 kati ya 7. Vitatu vya mwisho tu viko mahali pake. Vinne vya mwanzo vyote vimekosewa. Mzazi akiona alama hiyo atadhani mtoto hakuelewa nusu ya kisa. Lakini tazama kilichotendeka. Vifo, kejeli na kunoa vimefuatana vizuri kabisa. Ni pango peke yake lililoruka foleni, likawasukuma wenzake watatu hatua moja nyuma. Kosa ni moja, adhabu ni nne.

Mwalimu alisahihisha kwa jozi. Vipande saba vina jirani sita, yaani viungo sita baina ya kimoja na kinachofuata. Katika mpangilio wa kikundi kile, viungo vinne vilikuwa sahihi: vifo na kejeli, kejeli na kunoa, kukata kichwa na mti, mti na jando. Viwili tu vilivunjika, navyo vyote vinagusa pango. Alama ikawa 4 kati ya 6. Sitaki kudai kwamba tofauti ya alama ndiyo kubwa. Lililo kubwa ni kwamba njia hii inamwonyesha mwalimu mahali hasa palipovuja. Akiona pango mwanzoni, anajua mtoto amefuata mpangilio wa karatasi, na anajua arudi kwenye sentensi ipi: ile ya "kabla hajaingia". Angeona kejeli imewekwa baada ya kukata kichwa, angejua ni tatizo jingine kabisa, pengine neno kejeli lenyewe halikuingia.

Alirudi kwenye sentensi hiyo. Aliwasimamisha watoto wawili mbele, mmoja akawa kunoa, mwingine akawa kuingia, akasoma sentensi polepole na kuuliza nani anatangulia mlangoni. Walisukumana kidogo. Darasa likapiga kelele upande huu na ule. Aliisoma mara tatu. Mara ya tatu msichana wa bango alisimama, akamshika mkono "kunoa" na kumpitisha mbele.

Baadaye mwalimu na mimi tulikosana kidogo, na sina hakika kama nilikuwa sahihi. Katika kifungu chake aliandika majirani, si Barwa. Nilimwambia amekinyang'anya kisa jambo lake la thamani. Masimulizi yenyewe yanakiri kwamba jando, kitu ambacho Mbukusu hujivunia kuliko vingi, alipewa na watu wa kabila jingine. Ni nadra kwa kabila kukumbuka deni la namna hiyo na kuliimba. Ukilifuta jina la mkopeshaji, deni nalo linafutika. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanikumbusha kwamba Kamukuywa iko mpakani, hatua chache uko Trans Nzoia, na katika darasa lile wamo watoto wa Kisabaot, wa Kiteso na wa Kikuyu waliozaliwa kwenye mashamba ya makazi. Wanaokejeli kwenye kisa ni hao hao wanaotoa zawadi, na mtoto wa miaka 10 atabeba kejeli aache zawadi. "Mwalimu, wewe utaondoka na matatu ya saa tisa," alisema. "Mimi nitabaki nao uwanjani."

Nilinyamaza. Bado nalifikiria.

Kipindi cha tatu kilikuwa cha maswali ya kuandika. Sitakaa hapo: machache ya kutafuta jibu kwenye kifungu, mawili ya kuchimba, moja la maoni. La kukumbukwa lilikuwa moja. "Mango alijuaje kwamba nyoka hayumo pangoni?" Kifungu hakisemi. Watoto wengi waliandika kwamba alichungulia, wengine kwamba hakujua, aliingia tu. Mwalimu alikubali majibu yote mawili yaliyotoa sababu kutoka kwenye kifungu, akakataa la mtoto aliyeandika kwamba babu yake alimwambia. Nilimwonea huruma mtoto huyo. Babu pengine alikuwa na jibu bora kuliko letu sote.

Siku ya nne ilikuwa ya funzo.

Tuliofundisha zama za KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kufikia mwisho 2023, tuna ugonjwa mmoja tusioweza kuuficha. Ufahamu kwetu ulimalizika kwa swali la kichwa kifaacho au methali inayoafiki habari, machaguo manne, na jibu moja tu. Tulifundisha watoto kulitafuta funzo kama mtu anayetafuta sarafu iliyofichwa ndani ya maandazi: lipo, ni moja, aliyelificha anajua lilipo. Vitabu vikazidi kutusaidia kwa kulichapa chini ya ngano kwa herufi nzito. Mtoto akalisoma hilo kwanza, na ngano ikawa safari ya kwenda mahali alipokwisha kufika.

Nyanya yangu mzaa mama, ambaye wajukuu wake wa Kibukusu walimwita kukhu, hakutaja funzo hata siku moja. Niliporudi likizo, mwanafunzi wa chuo cha ualimu mwenye daftari jipya, nilimwuliza kwa heshima kisa alichotusimulia usiku huo kinafunza nini. Aliniangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyekataa maji. "Ulikuwa umelala?" aliniuliza. Nikamwambia hapana, kukhu. "Basi ulisikia."

Kwa hiyo nilisubiri kwa hamu kuona mwalimu atafanyaje. Hakuuliza kisa kinafunza nini. Aliwarudishia vipande. Vikiwa vimepangwa sasa ipasavyo, vyote saba, aliwaambia kila kikundi kiondoe kipande kimoja, kile watakacho, kisha waseme kama kisa bado kinasimama.

Kikundi cha kwanza kiliondoa mti. Kisa kilisimama, ila kilipoteza hofu yake. Mmoja alisema, "Bila mti, nyoka ni nyoka tu." Kikundi kingine kiliondoa kejeli. Hapo darasa lilinyamaza likifikiri. Mango angemwua nyoka? Ndiyo, walisema, maana wanawe walikuwa wamekufa. Angetahiriwa? Hapana, hakuna aliyekuwa amemwekea sharti. Basi jando la Wabukusu, alisema mvulana mmoja kwa mshangao, lilitokana na watu waliomcheka mtu. Kikundi cha tatu kiliondoa vifo vya wana. Mango angeingia pangoni kwa sababu ya kuchekwa peke yake? Wengine walisema ndiyo, wewe hujui kuchekwa. Wengine walisema huyo angekuwa mjinga, si shujaa.

Mzozo ulianza wenyewe. Je, alikuwa shujaa kwa sababu alikuwa na uchungu au kwa sababu alikuwa na aibu? Mvulana mmoja alidai kwamba vyote viwili. Mwenzake akamwambia aangalie vipande, vifo viko kabla ya kejeli. Uchungu ulikuwapo tayari, kejeli iliongeza tu. Mwingine akamjibu kwamba kuwa karibu ndiko muhimu, na kejeli ndiyo iliyo jirani na kisu. Niliandika hilo neno kwa neno. Mtoto wa Gredi ya 5 alikuwa akitofautisha sababu iliyotangulia na sababu iliyo jirani, kwa kunyoosha kidole kwenye boksi la sabuni. Na neno ujasiri, ambalo mimi ningelichapa kwa herufi nzito na kwenda zangu, halikuwa limetajwa na yeyote.

Njia hii nayo ina udhaifu wake. Watoto wanne kwa seti moja maana yake ni kwamba mmoja au wawili huvipanga na wengine hutazama. Nilimwona mvulana wa kamba akiwa ameshikilia kipande cha jando kipindi kizima bila kusema kitu, labda akiwaza Agosti ijayo. Pia mazungumzo yalichukua dakika 50, si 35, na mwalimu wa Hisabati alisimama mlangoni akiwa na rula yake ndefu ubavuni.

Tulipokuwa tunakusanya vipande, msichana wa bango alikuja mbele. Alikuwa amekata kipande chake mwenyewe kutoka kwenye jalada la daftari la zamani, akaandika kwa penseli: Mama yao akilia.

"Mwalimu, hiki nikiweke wapi?"

Mwalimu alikisoma. Aliniangalia mimi. Katika kifungu chake hapakuwa na mama. Pengine katika masimulizi ya watu wengine yupo, lakini yeye hakumwandika, nami katika kusoma kwangu kote sikuwa nimegundua kwamba hayumo.

"Wewe unaona kikae wapi?"

Msichana aliinamia dawati la mbele, ambako seti moja ilikuwa bado haijakusanywa, vipande saba kwa mstari. Alijaribu kukiweka baada ya vifo vya wana. Akakitoa. Akakijaribu karibu na kisu, akakitoa tena. Mwalimu wa Hisabati alikohoa. Ndipo msichana akakigeuza kipande chake, akakilaza chini ya vile saba kwa urefu, lakini kilikuwa kifupi, kiliishia kwenye kisu. Akauliza kama kuna kipande kingine cha boksi, kirefu.

Mwalimu aliinama chini ya meza na kuanza kutafuta.